Kati ya “Si Lazima” na “Marufuku”

Tuseme mhudumu wa mapokezi katika nyumba ya wageni Zanzibar anamwona mgeni kutoka Uingereza akitoa pochi mara tu anapofika. Anataka kumwambia asijisumbue, kwa kuwa malipo hufanyika siku ya kuondoka. Kichwani ana sentensi ya Kiswahili isiyo na kasoro: hutakiwi kulipa sasa. Anaitoa kwa Kiingereza: “You mustn't pay now.” Mgeni anairudisha pochi mfukoni upesi, uso umembadilika. Alichosikia ni kwamba kulipa sasa kumepigwa marufuku, na anabaki kujiuliza amevunja kanuni gani.

Katika sentensi hiyo hakuna kosa la tahajia wala la mpangilio wa maneno. Mwalimu anayesahihisha kwa kalamu nyekundu, akiikuta peke yake kwenye daftari, angeiwekea alama ya vema. Kosa linaonekana tu pale mtu anapojua msemaji alikusudia nini. Ndiyo maana mazoezi ya kujaza nafasi zilizoachwa wazi yanawatesa wanafunzi wengi yanapofika kwenye vitenzi vya kuweza, kuruhusiwa na kulazimika. Majibu mawili yote yanakaa vizuri kwenye pengo, yote ni Kiingereza safi, lakini moja linasema kinyume cha kinachotakiwa.

Kwa mwanafunzi wa Tanzania au Kenya jambo hili haliishii kwenye daftari la Kiingereza. Katika shule nyingi za serikali za Tanzania Bara mtoto husoma masomo yake kwa Kiswahili hadi amalize shule ya msingi, kisha anapoingia Kidato cha Kwanza anakuta fizikia, kemia na biolojia vimeandikwa kwa Kiingereza. Kenya mabadiliko hayo huja mapema zaidi, Gredi ya Nne. Kwenye ukuta wa maabara anasoma mambo asiyotakiwa kuyafanya na mambo asiyolazimika kuyafanya, na tofauti ya makundi hayo mawili ni tofauti kati ya ajali na kupoteza muda tu.

Njia rahisi ya kuingia katika suala hili ni kuuliza kukanusha kunaangukia wapi. Kiswahili kinalionyesha hilo waziwazi kuliko Kiingereza. Chukua “lazima uende”. Ukiikanusha kwa mbele unapata “si lazima uende”, yaani ulazima umeondolewa na uamuzi umerudi kwako. Ukiikanusha kwa ndani unapata “lazima usiende”. Hapa ulazima uko palepale, umebanwa vilevile, ila sasa unakulazimisha kubaki. Kiambishi “si” kimehama kutoka kwenye “lazima” hadi kwenye “uende”, na sentensi imegeuka kutoka uhuru hadi katazo.

Kiingereza kinafanya kazi ileile kwa vitenzi viwili tofauti. “You don't have to go” ni si lazima uende. “You mustn't go” ni lazima usiende. Mtego uko katika umbo. Kwa macho, “mustn't” ni “must” iliyopachikwa “not” mwishoni, kwa hiyo mwanafunzi aliyefundishwa kwamba “must” ni lazima anahitimisha kwa haki kabisa kwamba “mustn't” ni si lazima. Hesabu yake ni nzuri, lakini lugha haikufuata hesabu hiyo. Katika “mustn't”, ile “not” haigusi ulazima hata kidogo; inakwenda kukaa kwenye kitenzi kinachofuata.

Wanaojifunza Kiingereza wakitokea Ujerumani huanguka katika shimo hilohilo, tena kwa kishindo zaidi. Kijerumani kina kitenzi kinachofanana sana na “must”, na kinapokanushwa humaanisha si lazima. Mjerumani anaona undugu wa maneno hayo mawili, anaamini undugu wa maana, na anamkataza rafiki yake jambo alilotaka kumruhusu.

Mzungumzaji wa Kiswahili anatatizwa na kitu kingine, nacho ni “hutakiwi”. Neno hili ni kigeugeu. “Hutakiwi kulipia mtoto wa chini ya miaka mitatu” humaanisha hulazimiki, mtoto anaingia bure. “Hutakiwi kuingia na viatu” humaanisha ni marufuku, vua. Msikilizaji wa Kiswahili hahangaiki kwa sababu hali yenyewe inamwambia ni ipi kati ya hizo mbili. Lakini anayepita kwenye “hutakiwi” akielekea Kiingereza anafika njia panda pasipo kibao. Mhudumu wa Zanzibar alipotea hapo.

Dawa ipo ndani ya Kiswahili chenyewe. Kabla ya kujaza pengo, “hutakiwi” iondolewe na mahali pake liwekwe mojawapo ya maneno mawili yasiyo na utata: “si lazima” au “ni marufuku”. Kwenye sentensi “You ___ pay now, you can pay when you leave”, sehemu ya pili inasema unaweza kulipa siku ya kuondoka. Je, ni marufuku kulipa sasa? Hapana, hakuna aliyekataza. Ni si lazima. Jibu ni “don't have to”. Kwenye sentensi “You ___ touch that wire, it's live”, waya una umeme. Je, si lazima kuugusa? Mtu angecheka. Ni marufuku. Jibu ni “mustn't”.

Waingereza wenyewe wanalichukulia jambo hili kwa uzito wa kisheria. Kitabu chao cha kanuni za barabarani, kinachojulikana kama “The Highway Code”, huandika “MUST” na “MUST NOT” kwa herufi kubwa pale tu ambapo kanuni ina sheria nyuma yake na kuivunja ni kosa. Palipo na ushauri tu, kitabu hutumia “should” au maneno ya namna hiyo. Dereva anayejifunza anaweza kuupitia ukurasa kwa macho na kuona papo hapo kipi ni amri na kipi ni nasaha.

Kwa nini “mustn't” ikawa hivi? Historia inasaidia. “Must” ya leo inatokana na umbo la wakati uliopita la kitenzi cha Kiingereza cha kale ambacho kilimaanisha kuruhusiwa. Ukikanusha kuruhusiwa, unapata kutoruhusiwa, yaani katazo. Baada ya karne nyingi umbo la kukubali lilihama kutoka ruhusa hadi ulazima, lakini katika kukanusha maana ya kutoruhusiwa bado ndiyo inayosikika. Kwa kuwa neno lenyewe lilikuwa tayari la wakati uliopita, “must” haikubaki na umbo lake la kusema ulazima wa jana. Mtu akitaka kusema jana ilimbidi kuondoka mapema, hana pa kwenda ila “I had to leave early”. Katika zoezi la kujaza mapengo, ukiona “yesterday”, “last week” au mwaka uliopita karibu na pengo la ulazima, unaweza kuandika “had to” bila wasiwasi.

Katika kukubali, “must” na “have to” huachana kidogo tu, na vitabu vingi vya sarufi hutumia kurasa nyingi kuliko inavyostahili kueleza hilo. Kwa ufupi, “must” huelekea kubeba amri au msimamo wa msemaji mwenyewe, na “have to” huelekea kubeba ulazima unaotoka nje, kama ratiba, sheria au bosi. Mama akimwambia mwanawe kwamba ni lazima amtembelee bibi, “you must” inamfaa. Mtoto akimweleza rafiki yake kwa nini hatacheza leo, atasema “I have to visit my grandmother”. Lakini Waingereza wenyewe huyachanganya, na Wamarekani katika mazungumzo ya kila siku hupendelea “have to” karibu kila mahali. Mtunzi wa mtihani anayemnyima mwanafunzi alama kwa tofauti hii peke yake anakuwa mkali kuliko lugha anayoifundisha.

Upande wa kuweza una mtego wake, na huu ni wa siri zaidi kwa kuwa Kiswahili hakitoi dalili yoyote. “Aliweza” inatosha kwa kila kitu kilichopita. Alipokuwa mdogo aliweza kuogelea. Jana mto ulipofurika aliweza kuogelea hadi ng'ambo. Kitenzi ni kimoja na hakuna anayeshtuka. Kiingereza kinazitenga sentensi hizi mbili. Ya kwanza inaeleza uwezo wa jumla, kitu alichokuwa nacho muda wote, awe majini au amelala kitandani, na hiyo ni “could”: “When she was young she could swim.” Ya pili inaeleza tukio moja lililofanikiwa, na hiyo huhitaji “was able to” au “managed to”: “Yesterday she was able to swim across.” Kuandika “Yesterday she could swim across” ni kosa ambalo masikio ya Mwingereza hulikamata mara moja, ingawa huenda asijue kulieleza.

Sababu yake inaeleweka ukikumbuka kwamba “could” ina kazi ya pili. Pia humaanisha “angeweza”. “She could swim across” inaweza kusikika kama “angeweza kuogelea hadi ng'ambo”, na msikilizaji anabaki akingoja kuambiwa kama aliogelea au la. Kiingereza kikitaka kuthibitisha kwamba jambo lilitokea kweli, hukimbilia “was able to”, ambayo katika tukio la namna hii haiachi shaka. Na kikitaka kusema uwezo ulikuwepo lakini haukutumika, husema “could have”: “She could have swum across”, angeweza kuvuka, ila hakuvuka. Kwa hiyo swali la kujiuliza mbele ya pengo la namna hii ni moja: je, hili lilitokea mara moja na likafanikiwa? Likijibiwa ndiyo, “could” haifai.

Lakini kuna milango miwili ya kutokea, na wanafunzi wazuri huanguka hapo kwa sababu wameishika kanuni kupita kiasi. Mlango wa kwanza ni kukanusha. Jambo likishindikana, hakuna tena shaka kama lilitokea, kwa hiyo “couldn't” hutumika popote, iwe kwa uwezo wa jumla au kwa tukio moja. “I couldn't open the door last night” haina kosa lolote. Mlango wa pili ni vitenzi vya hisia na vya akili: kuona, kusikia, kunusa, kuonja, kuhisi, pia kuelewa na kukumbuka. Hivi huchukua “could” hata kwa mara moja iliyofanikiwa. “I could hear someone at the gate” humaanisha nilisikia mtu getini, na nilimsikia kweli. Katika Kiswahili “niliweza kusikia” na “nilisikia” hukaribiana vivyo hivyo, kwa hiyo mlango huu wa pili haumpi shida mzungumzaji wa Kiswahili akishaambiwa kwamba upo.

Ruhusa ni nyepesi zaidi. Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaikumbuka sauti ya mtoto mlangoni akisema “May I come in?”, na nusu saa baadaye mwingine akiomba “May I go out?” Hiyo “may” ni ya heshima na bado inafaa, ila katika mazungumzo ya kawaida Waingereza wengi husema “Can I?” au, wakitaka upole zaidi, “Could I?” Jambo moja tu la kuchunga: “could” ni ya kuomba. Anayeombwa hujibu “Yes, you can”, hajibu “Yes, you could”. Na ruhusa iliyotolewa jana kwa tukio moja hufuata njia ileile ya uwezo. Mtu aliyeomba kuondoka mapema akaruhusiwa atasema “I was allowed to leave early”, wala hatasema “I could leave early”.

Mpaka hapa ni maana. Lakini pengo lina kuta mbili, neno lililo kabla yake na lililo baada yake, na mara nyingi kuta hizo hutoa jibu kabla maana haijaulizwa. “Can”, “could” na “must” ni vitenzi vilivyodumaa. Havichukui “s” ya nafsi ya tatu, kwa hiyo hakuna “she cans”. Havifuatwi na “to”, kwa hiyo “she can to swim” si Kiingereza. Haviwezi kusimama baada ya “will”, “to”, “might” wala “have”, kwa hiyo anayesema “I will can come” ametafsiri “nitaweza kuja” neno kwa neno. Mahali pote ambapo vitenzi hivyo haviwezi kuingia, “be able to” na “have to” huingia badala yake, kwa kuwa vyenyewe hunyambulika kama vitenzi vya kawaida: “will be able to”, “to be able to”, “have been able to”, “will have to”, “doesn't have to”. Mwanafunzi anayeangalia kuta kwanza huondoa nusu ya majibu yasiyofaa bila kuelewa hadithi yenyewe.

Mtindo huu wa kuacha mapengo kwenye maandishi una baba anayejulikana, ingawa mwanzoni haukukusudiwa kupima sarufi. Mwaka 1953 Mmarekani Wilson Taylor, mtafiti wa mambo ya habari, alichapisha makala kuhusu njia ya kupima kama maandishi ni mepesi au magumu kusomeka. Alifuta maneno kwa kuhesabu, kila baada ya idadi fulani, kisha akawapa wasomaji wayajaze. Wasomaji walipoweza kukisia maneno mengi yaliyofutwa, maandishi yalihesabiwa kuwa mepesi. Aliyepimwa alikuwa mwandishi, siyo msomaji. Baadaye walimu wa lugha walikigeuza kipimo hicho, wakaacha kufuta kwa kuhesabu na kuanza kuchagua wenyewe maneno ya kufuta. Hapo mzigo ukamhamia mwanafunzi, na pia ukaanza uwezekano wa mtunzi kuacha pengo lenye majibu mengi kuliko alivyofikiri.

Kifungu kifupi kinatosha kuonyesha mambo yote haya yakifanya kazi pamoja. Kimetungwa kwa ajili ya makala haya, na maneno ya kuchagua ni manane, kila moja litumike mara moja: “could”, “couldn't”, “could hear”, “was able to”, “be able to”, “had to”, “don't have to” na “mustn't”.

“When Asha was six she (1) ___ swim across the creek. One evening last year a boat overturned near the bridge. The tide was strong, but Asha (2) ___ pull two children out. She (3) ___ find the third in the dark. Then she (4) ___ him crying under the boat. She (5) ___ stay in hospital that night. Now she gives lessons. ‘You (6) ___ be strong to learn,’ she tells the children, ‘but you (7) ___ go into the water alone.’ One day she would like to (8) ___ open a swimming school.”

Hadithi ni ya Asha, aliyejua kuogelea tangu utotoni, akawaokoa watoto mashua ilipopinduka, na sasa anafundisha. Msomaji makini haanzi na pengo la kwanza. Anaanza na ya nane, kwa kuwa kuta zake zinasema zenyewe: kabla yake kuna “to”, na baada yake kuna kitenzi kitupu. Katika maneno yote manane, moja tu linaweza kusimama hapo, “be able to”. Vivyo hivyo la nne: baada ya pengo kuna “him crying”, yaani kitenzi kikuu kimekosekana, na neno pekee lililobeba kitenzi chake ni “could hear”. Hapa tukio ni la mara moja, alimsikia mtoto akilia chini ya mashua, lakini kusikia ni hisia, kwa hiyo “could” inaruhusiwa.

Yamebaki sita. La tano ni la ulazima wa usiku uliokwisha kupita, alilazwa hospitalini, na katika maneno yaliyosalia ni “had to” tu inayobeba ulazima wa wakati uliopita. La sita na la saba ndiyo yale mapacha ya mwanzo. Asha anawaambia watoto kuhusu nguvu: je, ni marufuku kuwa na nguvu ili ujifunze? Hapana, ni si lazima, kwa hiyo “don't have to”. Kisha anawaambia kuhusu kuingia majini peke yao, na neno “but” limekuja katikati kuonyesha kwamba sasa upole umekwisha. Hilo ni katazo, “mustn't”. Mwanafunzi akiyabadilisha mawili hayo, Asha atakuwa anawakataza watoto kuwa na nguvu na kuwaambia kwamba kuingia majini peke yao ni hiari yao. Sarufi ya sentensi zote mbili itabaki salama kabisa.

La tatu ni la kushindwa, hakumpata mtoto wa tatu gizani, kwa hiyo “couldn't”. Yanabaki la kwanza na la pili, na hapa mtunzi amekuwa mjanja. Pengo la kwanza linakubali “could” na pia “was able to”, kwa maana uwezo wa jumla wa zamani unaweza kusemwa kwa njia zote mbili. La pili linakubali “was able to” peke yake, kwa kuwa ni tukio moja lililofanikiwa dhidi ya mkondo mkali. Mwanafunzi aliyekimbilia kujaza la kwanza kwa “was able to” hakukosea kwa Kiingereza, lakini amejifungia mlango wa la pili, na sharti la kutumia kila neno mara moja ndilo litakalomrudisha nyuma. Anayefanya mtihani wa aina hii hufaidika akiacha kwanza mapengo yenye majibu mawili na kuyarudia mwishoni.

Sasa ondoa orodha ya maneno na uangalie kinachotokea. Pengo la tatu litakubali “couldn't”, “wasn't able to” na hata “didn't manage to”. La saba litakubali “mustn't”, “can't” na “shouldn't”, kila moja kwa uzito wake. La sita litakubali “don't have to” na “don't need to”, na Mwingereza mzee angeweka “needn't”. Hakuna kosa hata moja hapo, lakini mwongozo wa kusahihishia wenye jibu moja tu kwa kila pengo utamnyima alama mwanafunzi aliyeelewa vizuri. Sentensi fupi ndizo mbaya kuliko zote. “You ___ smoke here”, ikiachwa hivyo tu, inakubali “can”, “can't”, “may”, “mustn't”, na kwa mtu mwenye mzaha hata “don't have to”. Haipimi chochote isipokuwa uwezo wa kukisia alichowaza mwalimu.

Mwalimu anayetunga zoezi la vitenzi hivi anaweza kuepuka hilo kwa kuongeza nusu sentensi inayobeba sababu. “You ___ smoke here, there is gas in the room” inafunga mlango wa hiari na kubakiza katazo. “You ___ wear a tie, it's an informal party” inafunga mlango wa katazo na kubakiza hiari. Na kabla ya kuligawa zoezi darasani, mwalimu ampe mwenzake mmoja alijaze bila kuona majibu. Kila pengo ambalo mwenzake amelijaza tofauti naye, na sentensi bado ikabaki sahihi, liandikwe upya au mwongozo wa kusahihishia uongezewe jibu hilo.